Nondo zenye mbavu au laini? Uzoefu wangu na bimu ya baraza, Kisauni

Nilinunua nondo zenye mbavu za milimita 12 kwa bimu mpya ya baraza, na nimeridhika nazo. Fundi alitaka tuzirudishe zile laini tulizozitoa kwenye bimu ya zamani. “Bado nzima hizi, mama, utatupa pesa bure.” Lakini nilikuwepo tulipobomoa. Zege lilipopasuliwa, nondo zilichomoka safi kama kisu kinavyotoka alani, hata punje ya simiti haikuandamana nazo.

Nondo laini hushikwa na zege kwa kugandana na kwa msuguano, basi. Ikianza kuvutwa, mgando huachia mapema. Tena chuma kinachovutwa hukonda kidogo, kwa hiyo hata msuguano nao hulegea. Yenye mbavu haitegemei ngozi yake tu: kila ubavu umeegemea zege lililo mbele yake, na haiwezi kutoka mpaka zege hilo lipondeke au lipasuke.

Mhandisi wetu alinipigia hesabu kwa BS 8110, kanuni za Uingereza za ujenzi wa zege, kwa zege la nguvu ya newtoni 25 kwa milimita ya mraba. Ili nondo ya milimita 12 ivutwe kwa tani 4.6 bila kuchomoka, yenye mbavu yahitaji kuzama sentimita 48. Laini ingehitaji 86, na chuma laini cha kawaida kingeanza kunyumbuka kabla ya kufikia mzigo huo. Hapo nikaelewa kwa nini zile kuukuu zilikunjwa ncha mfano wa ndoana.

Zenye mbavu nazo zina kasoro yake. Mbavu zikivutwa husukuma zege upande wa nje pia, na likiwa jembamba hupasuka kufuata mstari wa nondo. Huku kwetu hewa ya chumvi hupenya mwanya huo na chuma kuanza kula kutu. Kwa hiyo nilisimamia vitofali vya simiti viwekwe chini ya nondo na ubavuni ili zisiguse mbao, na ringi zinazozizunguka zifungwe kwa karibu, maana ndizo zinazolizuia zege lisifunguke. Ringi zenyewe ni za nondo laini ya milimita 8. Hupindika kwa urahisi, na zikishakunjwa kona zote na ncha kurudishwa ndani, zimejishika zenyewe.

Mkinunua, pimeni uzito. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 yafaa iwe kama kilo 10.7. Hadwea ya kwanza niliyoingia, walichoniuzia kama 12 kilikuwa kilo 9 na ushei. Mbavu zilikuwa nzuri machoni, lakini chuma chenyewe kimepunguzwa. Nikarudisha, nikanunua kwengine. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa haikunisumbua. Ile inayobanduka magamba niliisugulisha kwa brashi ya waya kabla ya kumwaga zege.