Folda moja ndani ya seva nne: uzoefu wangu na NFS ya wingu baada ya kuachana na baketi

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikitumia mfumo wa faili wa mtandao unaokodishwa na mtoa huduma wa wingu, yaani folda moja inayoonekana kwa wakati mmoja ndani ya seva zangu nne kupitia itifaki ya NFS. Kabla ya hapo kazi hiyohiyo niliifanya kwa baketi, yaani hifadhi ya wingu ambamo faili hupakiwa na kupakuliwa likiwa zima. Namwandikia mtu anayesita kati ya viwili hivi, kwa sababu nilipoanza nilidhani vinatofautiana kwa bei na kasi tu, kumbe tofauti kubwa imo katika mambo ambayo programu inaruhusiwa kulifanyia faili.

Kazi yangu ni hii: seva moja hupokea video kutoka kwa watumiaji, na seva tatu huzigeuza kuwa MP4 kwa kutumia programu ya ffmpeg. Ffmpeg haiandiki MP4 kwa mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Faharasa ya video, sehemu iitwayo `moov`, haiwezi kukamilika mpaka picha zote ziwe zimeandikwa. Na ukitaka video ianze kuchezwa kabla haijapakuliwa yote, hutumia `-movflags +faststart`, na hapo ffmpeg hurudi nyuma na kuisogeza data yote ili faharasa ikae mbele. Baketi haikubali jambo hilo. Kitu, kama faili la baketi linavyoitwa, huwekwa humo kikiwa kizima, na ukitaka kurekebisha sehemu iliyo katikati yake huna budi kukiandika upya. Kwa hiyo kila seva ililazimika kupakua video kwenye diski yake, kuigeuza, kisha kupakia matokeo. Diski zilikuwa za gigabaiti 20, na siku alipotokea mtumiaji mwenye video ya gigabaiti 18, kazi ilikatika katikati kwa kukosa nafasi.

Nilijaribu kwanza njia ya mkato, nikatumia zana inayoifanya baketi ionekane kama folda ya kawaida. Kwa kusoma tu ilifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa namna seva zangu zinavyogawana kazi: kila seva huichukua video kwa kuihamisha kutoka folda ya `mpya` kwenda folda yake yenyewe, na iliyofanikiwa kuihamisha ndiyo mwenye kazi. Katika baketi ya kawaida hakuna kubadilisha jina. Zana ile hunakili kitu kwa jina jipya kisha hufuta cha zamani. Kati ya hatua hizo mbili seva ya pili nayo ilikikuta kitu cha zamani bado kipo, ikakinakili, na zote mbili zikaamini zimeshinda. Nilikuja kuligundua hilo kwenye kumbukumbu za programu, ambamo video moja ilikuwa imeanza kugeuzwa mara mbili kwa tofauti ya sekunde tatu.

Kwenye NFS hatua hiyohiyo ni ombi moja linalotekelezwa na seva ya faili yenyewe, kwa hiyo haigawanyiki:

```
mv /mnt/kazi/mpya/0412.mov /mnt/kazi/seva2/
```

Seva ya kwanza hufanikiwa, na ya pili hujibiwa `No such file or directory`, ikaenda kutafuta video nyingine. Hapo toleo la itifaki lina uzito wake. Jibu likipotea njiani, seva yako hurudia ombi, na katika matoleo ya zamani marudio hayo yangeweza kurudi na kosa ilhali faili limeshahamishwa. Toleo la 4.1 lina vikao ambamo seva ya faili hulikumbuka jibu ililokwisha kutoa na kulirudisha lilelile, na ndiyo maana nimelitaja waziwazi katika amri ya kuunganisha.

Nikiri kwamba kama ningekuwa naandika programu upya, ningeweza kugawa kazi kwa foleni ya ujumbe, na S3, huduma ya baketi ya Amazon, tangu mwaka 2024 inakubali uandishi wenye sharti, ambapo kitu huwekwa tu ikiwa jina hilo halijatumika. Lakini ffmpeg na hati zangu za zamani za amri zinataka folda halisi, na kuzipa folda halisi kulichukua alasiri moja.

Hitilafu iliyonisumbua zaidi baada ya kuhama ilihusu kashe, yaani majibu ambayo seva huyahifadhi kwa muda ili isiulize tena. Seva inayopokea video huuliza kila sekunde kama `0412.mp4` imeshapatikana, ili imjulishe mtumiaji. Niliona kwa macho yangu faili lipo upande wa seva iliyoligeuza, huku seva ya mapokezi ikiendelea kusema halipo kwa karibu nusu dakika. Hakuna kilichopotea: Linux hukumbuka hata jibu la “halipo”, na taarifa za folda hukaa katika kashe kati ya sekunde 30 na 60 kwa mipangilio ya kawaida. Seva ya mapokezi ilikuwa imeuliza kabla faili halijapatikana, ndiyo maana ilikuwa na jibu la zamani la kushikilia. Dawa ni chaguo moja wakati wa kuunganisha:

```
sudo mount -t nfs4 -o nfsvers=4.1,hard,lookupcache=positive \
  fs.mfano.internal:/ /mnt/kazi
```

Kwa `lookupcache=positive`, jibu la “halipo” halitumiki tena bila kuulizwa upya. Amri ya `nfsstat -m` huonyesha kama chaguo hilo limepokelewa kweli. Neno `hard` nalo nimeliweka kwa makusudi: mtandao ukikatika, programu husimama na kusubiri badala ya kupewa kosa katikati ya kuandika. Ubaya wake ni kwamba mchakato uliosimama huonekana kwenye `ps` ukiwa na herufi D, na `kill` ya kawaida huenda isiuguse.

Kuna jambo nililolikosea mwenyewe. Kwa kuwa folda ilikuwa ya wote, niliweka humo pia programu ya tovuti pamoja na maktaba zake, jumla ya faili 30,000 hivi, nyingi zikiwa ndogo kabisa. Kila kufungua faili ni safari moja au zaidi kwenda na kurudi mtandaoni. Ukikadiria milisekunde mbili kwa kila faili, hiyo ni dakika nzima kabla programu haijaamka, kazi ambayo diski ya ndani huimaliza kwa sekunde chache. Nilirudisha programu kwenye diski za seva zenyewe, na kwenye folda ya pamoja nikabakiza video tu, ambazo ni chache na kubwa. Hifadhidata ya SQLite pia isiwekwe huko ikiwa inatumia hali ya WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, kwa sababu hali hiyo inahitaji sehemu ya RAM ambayo seva mbili haziwezi kuishiriki.

Bei bado inauma. Kwenye bili yangu gigabaiti moja ya folda hii inanigharimu zaidi ya mara kumi ya ile ya baketi. Kwa sababu hiyo video haikai humo zaidi ya saa chache: ikishageuzwa na kukaguliwa, hati moja inayoendeshwa kila saa huipeleka kwenye baketi, ambako watu huitazama na ambako hakuna programu itakayoigusa tena, kisha huifuta kwenye folda. Nilipoanza kufanya hivyo, matumizi ya folda yalishuka kutoka terabaiti moja na nusu hadi gigabaiti 90, na tangu hapo hayajawahi kuvuka 140.