Bei mpya ilichelewa kwa saa tatu, nao wakaulaumu mtandao wa Sikonge

Tunauza vyakula kwa jumla na rejareja. Ofisi kuu ipo Tabora mjini, na maduka yetu yapo Urambo, Nzega na Sikonge. Tunalipia huduma inayonakili orodha ya bei kutoka ofisini hadi kwenye kompyuta za mauzo za maduka yote, kila orodha ikiwa na siku na saa ya kuanza kutumika. Ninaandika nikiwa na hasira, na sababu ya hasira hiyo ni jibu tulilopewa kuliko hata hasara yenyewe.

Siku moja, miezi michache iliyopita, tulishusha bei ya dumu la mafuta ya kula la lita 20 kutoka shilingi 98,000 hadi 93,000. Bei hiyo ilipaswa kuanza saa mbili asubuhi, maduka yanapofunguliwa, na wauzaji walikuwa wamekwisha kubandika bei mpya kwenye rafu. Mteja alisoma 93,000 kwenye dumu, akafika kwa keshia, akadaiwa 98,000. Waliolipa bila kuangalia waligundua wakiwa nje na kurudi wakitujia juu, wakisema tumewaibia, na sikuona namna ya kuwalaumu. Risiti ya EFD ikishatoka haifutiki, kwa hiyo kila shilingi 5,000 iliyorudishwa ilihitaji kumbukumbu yake kwenye hesabu.

Muuzaji wetu wa Sikonge alipiga simu kwa watoa huduma. Kijana aliyepokea hakumwuliza lolote kuhusu saa wala orodha. Alimwambia, "Dada, mtandao wa huko kwenu unajulikana, subirini urudi," kisha akakata simu. Nilipopiga mwenyewe kutoka ofisini nilijibiwa hivyohivyo, tena kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa.

Jibu hilo halikuwa na msingi, na ushahidi ulikuwa kwenye risiti. Kasoro ingekuwa ya mtandao, kila duka lingebadilika kwa wakati wake, kadiri lilivyopata mawasiliano. Risiti zilionyesha kwamba maduka yote matatu yalibadilika saa tano kamili asubuhi, kwa pamoja. Zaidi ya hayo, Sikonge hawakuwa na mtandao tangu jioni ya siku iliyotangulia, na bado bei yao ilibadilika saa hiyohiyo, kwa kuwa orodha ilikuwa imekwisha kufika mapema na ilikuwa ikisubiri ndani ya kompyuta ya duka. Kwa haki, sehemu hiyo wameitengeneza vizuri sana: orodha hutangulia kufika, kisha saa ya duka lenyewe ndiyo inayoiwasha, hata kama mawasiliano yamekatika. Sijatumia mfumo mwingine uliotuvusha katika ukosefu wa mtandao namna hiyo.

Tofauti ya saa tatu kamili ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zimetangulia saa ya kimataifa ya UTC kwa saa tatu. Niliomba wanitumie orodha kama ilivyohifadhiwa, na nikakuta hivi:

```
muda tulioandika:  08:00
uliohifadhiwa:     08:00:00Z
uliotakiwa:        08:00:00+03:00
```

Herufi Z mwishoni inamaanisha UTC. Kompyuta ya duka ilifuata maandishi hayo kwa uaminifu na kungoja hadi saa tano yetu. Kasoro hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, ila zamani bei zetu zote zilipangwa kuanza saa sita usiku, hivyo zilikuwa zikibadilika saa tisa usiku maduka yakiwa yamefungwa, na asubuhi kila kitu kilionekana sawa.

Baada ya kuwaonyesha hayo, walirekebisha fomu ya ofisini upesi, nami nikaanza kufikiri kwamba huduma hii inastahili nyota nne. Kisha nikafungua orodha zinazosubiri katika duka la Nzega na kukuta bei ya sukari ya wiki iliyofuata bado ina Z. Walikuwa wamerekebisha orodha zitakazoandikwa baadaye tu. Zile zilizokwisha kushuka madukani hawakuzigusa. Ilibidi tuwashurutishe wazitume upya zikiwa na namba mpya ya toleo, ili kompyuta ya duka ijue kwamba ile ya zamani imefutwa na isizishike zote mbili.

Sasa bei huanza kwa wakati. Anayetumia huduma kama hii aandike bei ya majaribio ya bidhaa moja, ianze mchana duka likiwa wazi, kisha atazame saa iliyo kwenye risiti. Mimi nimewapa nyota mbili. Ufundi wao unastahili zaidi ya hapo, lakini muuzaji wetu wa Sikonge alitukanwa na wateja asubuhi nzima kwa kosa lisilo lake, na hadi leo hakuna aliyempigia simu kumwomba radhi.