Uzoefu wangu: Google Sheets kwa kuwatambua wateja wanaorudi

Nauza dagaa na mawese Kigoma mjini. Oda nyingi huja kwa WhatsApp, na mzigo unapanda basi kwenda Tabora, Dodoma na Dar. Oda zote za mwaka 2024 niliziingiza kwenye Google Sheets: tarehe safu A, namba ya simu safu B, kisha bidhaa na kiasi cha fedha. Nilitaka kujua katika kila wateja mia, wangapi wananunua tena, na nani hasa wa kumtunza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: wateja walionunua mara 2 au zaidi, gawanya kwa wateja wote, zidisha kwa 100. Kazi iko kwenye namba za simu. Mteja mmoja anaandikwa kwa 0 mwanzoni, mwezi ujao kwa +255, mara nyingine kwa nafasi katikati, na jedwali linamhesabu kuwa watu watatu waliopita mara moja moja. Kwa hiyo safu E nilibakiza tarakimu 9 za mwisho tu:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
```

Baada ya hapo nikapata orodha ya wateja kwenye safu G, na kwa kila mmoja nikahesabu siku alizonunua, wala si mistari ya oda:

```
=UNIQUE(E2:E)
=COUNTUNIQUEIFS(A:A,E:E,G2)
```

Siku ni muhimu, maana mtu huagiza dagaa asubuhi, jioni akaongeza dumu la mawese. Hajarudi huyo, bado yuko kwenye manunuzi yaleyale.

Kabla ya kusafisha, jedwali lilionyesha wateja 150, na 33 kati yao ndio waliorudi: asilimia 22. Baada ya kusafisha wakawa wateja 120, waliorudi 42: asilimia 35. Kisha nikawaweka kando 20 walioanza kununua Novemba na Desemba, kwa sababu hawajapata muda wa kumaliza mzigo wa kwanza. Wawili kati yao walikuwa wamesharudi, nao nikawatoa juu na chini. Wakabaki 40 kati ya 100, yaani asilimia 40. Hii ndiyo namba ninayoiamini.

Kwa sisi wa Ziwa Tanganyika kuna jambo jingine ambalo hakuna fomula italigundua yenyewe. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mteja wa dagaa aliyenunua mwanzoni mwa Mei akarudi mwishoni mwa Agosti anaonekana kama alikuacha, kumbe bidhaa haikuwepo. Wa aina hiyo namtolea siku 92 kabla ya kumhukumu. Wa mawese simtolei kitu, kwa sababu mafuta yalikuwepo muda wote.

Kumpata mteja bora ndiko kulikonifurahisha zaidi. Ukipanga kwa jumla ya fedha, juu kabisa anakaa mtu wa harusi aliyenunua mzigo wa shilingi 900,000 Januari na hakuonekana tena. Chini yake sana yuko mama lishe mmoja wa Tabora: alianza 4 Septemba, mara ya mwisho 18 Desemba, siku 6 za kununua, kila mara 65,000. Jumla 390,000. Chukua siku kati ya oda ya kwanza na ya mwisho, 105, gawanya kwa mapengo 5, unapata siku 21. Huyu ana mwendo, na kwa mwendo huo najua dagaa wake wa kumwekea wiki tatu kabla. Kwangu mteja bora ni mwenye mwendo kwanza, fedha baadaye.

Mwendo huo unanisaidia pia kujua nani anapotea. Siku zikizidi mara mbili ya kawaida yake, napiga simu. Mama lishe alifika siku 44 mwishoni mwa Januari, nikampigia. Akanijibu, "Mbona nilichukua juzi tu, mwanangu? Alilipa kijana wangu kwa namba yake." Na kweli, namba ya kijana ilikuwepo kwenye jedwali kama mteja mpya.

Hapo ndipo mwisho wa uwezo wa njia hii: inaijua laini ya simu, mtu haimjui. Nimeongeza safu ya "mteja mkuu" ninayoijaza kwa mkono, na kila oda mpya inapoingia namuuliza anayepiga, mzigo ni wa nani. Kwa duka lenye wateja mia mbili tatu, jedwali hili linatosha, halina malipo na linafunguka kwenye simu. Wakifika maelfu, safu ya kujaza kwa mkono itakushinda.