Skrini ya kuchezea gemu za Super Nintendo: gawanya kwa 224 kabla ya kulipa

Mdogo wangu alinunua runinga ya inchi 32 hapa Nairobi, akaiunganisha na kompyuta ndogo yenye gemu za Super Nintendo, kisha akanipigia simu jioni hiyo hiyo. "Kaka, picha ina mikunjo," aliniambia. Alikuwa amewasha ile mistari myeusi membamba inayoiga runinga za zamani zenye mgongo mkubwa, ile mashabiki tunaiita skanlaini. Alitarajia mistari inayolingana, akapata mapande ya giza na mwanga yanayojirudia toka juu hadi chini. Runinga ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa ni hesabu, na hesabu hiyo angeweza kuifanya akiwa bado dukani.

Super Nintendo huchora mistari 224 ya picha, kila mstari ukiwa na nukta 256. Skrini ya kisasa ina safu za pikseli ambazo idadi yake haibadiliki. Kila mstari wa gemu ukipewa safu 4 sawasawa, au 5, au 9, picha hutoka safi kama ilivyochorwa. Huku ndiko kukuza kwa namba kamili. Ukipewa safu 4 hapa na 5 pale, nukta za ukubwa mmoja huonekana za ukubwa tofauti, na mandhari yanaposogea huku ukikimbia, picha nzima humetameta.

Runinga nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwa jina la HD tu zina pikseli 1366 kwa 768. Kompyuta ya mdogo wangu ilikuwa inatuma picha ya safu 720, ambamo kila mstari wa gemu ulikuwa na safu 3 kamili. Runinga ikaipokea na kuivuta ifikie 768. Yaani kila safu 15 zilibidi zijaze nafasi ya safu 16, na kwa kuwa safu 15 ni mistari 5 ya gemu, kila baada ya mistari 5 palitokea ukungu. Mikunjo aliyoiona ni hiyo. Ukiwa hujanunua bado, runinga ya namna hii iweke mwisho kabisa kwenye orodha yako.

Nafasi ya kwanza naipa monita ya mtumba ya pikseli 1920 kwa 1200, inchi 24, zile zinazoshushwa kutoka ofisi za Uingereza na kuuzwa Luthuli, Moi Avenue na mitaa ya jirani. Watu huzipita kwa sababu umbo lake ni la kiofisi, refu kidogo kuliko runinga. Urefu huo ndio tunaoutaka. Mistari 224 mara 5 ni 1120, ikabaki nafasi ya safu 40 juu na 40 chini. Gemu za Nintendo ya kwanza, yenye mistari 240, zikizidishwa mara 5 zinafika 1200 juu ya alama. Hakuna kinachokatwa.

Nayotumia mimi ni Dell U2412M. Ina paneli ya IPS, kwa hiyo rangi hazigeuki ukiketi pembeni, lakini ina jambo moja la kujua kabla hujafika nyumbani: haina tundu la HDMI. Ina VGA, DVI na DisplayPort. Ukiunganisha na kompyuta ndogo ya ofisi kama Dell OptiPlex Micro, ambayo nayo huja na DisplayPort, nunua waya wa DisplayPort pande zote mbili. Usikubali waya wa VGA hata ukipewa bure, kwa sababu VGA ni mawimbi ya analogi na monita hulazimika kukisia pikseli moja inaishia wapi. Ukitaka HDMI, tafuta U2415, ambayo ina idadi ile ile ya pikseli.

Kwa kuwa ni mtumba, ijaribu kabla ya kulipa. Mimi hubeba picha moja kwenye flashi, ya miraba myeusi na myeupe yenye upana wa pikseli moja moja. Ukiwa na programu ya ImageMagick unaitengeneza hivi:

```
magick -size 1920x1200 pattern:gray50 jaribio.png
```

Mwombe muuzaji aifungue kwa skrini nzima, bila kuikuza wala kuipunguza. Ikionekana kijivu kimoja kilichotulia kote, kila pikseli ya kompyuta imekaa kwenye pikseli yake ya monita. Ukiona mawimbi, madoa au mistari mipana, kuna kitu kinavuta picha. Mara nyingi ni kompyuta ya duka ambayo imewekwa 1920 kwa 1080, kwa hiyo mwambie kwa upole, "Bosi, hebu weka 1920 kwa 1200 kwanza." Mawimbi yakibaki hata baada ya hapo, na waya si wa VGA, iache.

Kisha weka picha nyeupe tupu, ukiangalia pembe nne na mwangaza. Usilichukulie jaribio hili kirahisi. Kwenye mstari wa safu 5, skanlaini nyeusi kabisa za safu 2 zinakuachia safu 3 tu za mwanga, yaani umepoteza asilimia 40. Monita iliyochoka, ambayo unalazimika kuipandisha mwangaza hadi mwisho ndipo uone vizuri, haitakuwa na akiba ya kufidia pengo hilo, na gemu zako zitaonekana kama zinachezwa jioni.

Nyumbani, nikitumia RetroArch, programu ya kuchezea gemu hizi kwenye kompyuta, ninahakikisha mambo mawili haya yako hivi kwenye faili la retroarch.cfg:

```
video_scale_integer = "true"
video_smooth = "false"
```

La kwanza linalazimisha namba kamili. La pili linazima ulainishaji unaochanganya rangi za nukta jirani. Kuna suala la upana pia, na wengi hulisahau. Nukta ya Super Nintendo haikuwa mraba kwenye runinga za zamani. Ilikuwa pana kuliko urefu wake, kwa uwiano wa 8 kwa 7. Ukizidisha mara 5 pande zote, duara linakuwa yai lililosimama na mashujaa wanakonda. Ninachofanya ni kuingia Settings, Video, Scaling, kuweka Aspect Ratio kuwa Custom, kisha upana 1536 na urefu 1120. Hapo kila nukta ina pikseli 6 kwa upana na 5 kwa urefu. Ni pana kuliko uwiano halisi kwa asilimia 5 hivi, na jicho langu halilalamiki.

Skanlaini ziongezwe mwisho, hesabu ikishakaa sawa. Kichujio cha zfast-crt ni chepesi na hata Raspberry Pi inakimudu. Kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi napenda crt-easymode, kwa kuwa mistari yake hupungua unene palipo na rangi angavu, kama ilivyokuwa kwenye runinga halisi. Ukiona mapande kama ya mdogo wangu, usihangaike na vichujio. Rudi kwenye hesabu.

Nafasi ya pili ni runinga ya 4K. Kwa picha peke yake ingekuwa ya kwanza. Safu zake 2160 ni 240 mara 9 bila baki, na mstari wenye safu 9 unaruhusu skanlaini kufifia taratibu toka katikati hadi ukingoni, jambo ambalo safu 5 haziwezi kulifanya vizuri. Upana nao unakaribia zaidi ukweli: pikseli 10 kwa 9 ni nyembamba kuliko uwiano halisi kwa asilimia 3 tu. Naishusha kwa sababu ya vinavyoilisha. Kompyuta nyingi ndogo za mtumba zina HDMI ya toleo la 1.4, ambayo kwa 4K haivuki picha 30 kwa sekunde, na gemu hizi zinakwenda 60. Utaiona mara moja: mandhari yanasogea kwa kurukaruka. Ukituma 1080 badala yake, runinga inavuta yenyewe, na wewe umerudi kwenye hesabu ya 1080. Kama kompyuta yako inatoa 4K kwa 60, nenda nayo, lakini kwenye runinga washa Game Mode ili kitufe kisichelewe, zima kunoa picha, na kwenye LG uwashe Just Scan ili kingo zisikatwe.

Ya tatu ni monita au runinga ya kawaida ya 1080, ambayo huenda tayari unayo. Hapo una njia mbili. Mara 4 inakupa safu 896, na fremu nyeusi ya safu 92 juu na 92 chini. Mara 5 inakupa 1120, ambayo inazidi skrini kwa safu 40, hivyo unapoteza mistari 4 ya gemu juu na 4 chini. Mimi ningechagua mara 5. Runinga za zamani zenyewe zilificha kingo za picha, na watengenezaji kwa kawaida hawakuweka alama au idadi ya maisha huko. Kwa gemu za mistari 240 hali ni tofauti, maana mistari 12 inakatwa kila upande, na hapo huenda maandishi yakaguswa. Hizo zicheze mara 4.

Wenye mashine halisi na kaseti zao wananiuliza kuhusu kile kikasha kidogo cha kubadilisha AV kuwa HDMI, kinachouzwa kila kona ya Luthuli. Usikinunue kwa kazi hii. Mashine hizi hutoa picha kamili kila mara, lakini kikasha hudhani kimepewa nusu mbili za picha zinazopishana, hujaribu kuzishona, kisha huvuta kila kitu kijaze skrini pana. Kuna dalili ya uhakika: mhusika akiguswa na adui na kuanza kumemeta, kwenye kikasha hiki anakuwa na mistari kama meno ya kitana, au anatoweka kabisa hadi mmemeto uishe. Na skanlaini huwezi kuzipata baada ya hapo, kwa sababu mistari ya asili imeshachanganywa.

Kifaa kinachoelewa mistari hiyo ni kama RetroTINK-5X Pro, kinachopokea hata ule waya wa njano na kina hali ya 1080p Over, ambayo ni ile ile mara 5 yenye kukata kingo. OSSC nayo huzidisha mistari vizuri na haraka, ila haipokei waya wa njano, na baadhi ya runinga hukataa mawimbi yake ya mara 5. Vyote viwili utaviagiza kutoka nje na kulipa ushuru, kwa hiyo kabla ya kuagiza geuza mashine yako utazame nyuma yake. Kama ina tundu la njano tu, OSSC iondoe kwenye hesabu.