Gogo moja, Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi

Gogo lililolowa lina tungamo la kilo 20.2 na ujazo wa mita za ujazo 0.02. Gawanya tungamo kwa ujazo: densiti yake ni kilo 1010 kwa kila mita ya ujazo. Maji baridi ya Ziwa Victoria yana takribani 1000, kwa hiyo gogo litazama. Bahari ya Hindi ina takribani 1025. Humo litaelea, likichungulia kidogo tu, maana 1010/1025 ya ujazo wake imo majini.

Densiti huathiri pia kanieneo la maji, yaani kani ya maji kwa kila eneo: ni densiti × g × kina, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Kwenye mita 10, g ikiwa 10, ziwani ni paskali 100,000 na baharini 102,500. Tofauti ya densiti ni ndogo, lakini kwa gogo hili ndiyo inayoamua kuzama au kuelea. Katika paskali hizo kanieneo la hewa halijajumlishwa, wengi hulisahau.