Pa kuandika maneno 12 ya waleti ya crypto: kibao kipi cha chuma ununue

Jamani, inboksi yangu imejaa malalamiko ya aina moja. Wa mwisho ni kaka mmoja wa Ujiji, kaingia kwenye tovuti iliyomwambia waleti yake ina hitilafu na abonyeze Validate, ikatokea sehemu ya kujaza yale maneno 12, akajaza, hela ikahama. Sasa anauliza abadilishe paswedi gani. Hakuna paswedi ya kubadilisha, maana yale maneno ndiyo waleti yenyewe, mtu akiwa nayo anaifungua kwenye simu yake popote alipo na funguo zinatoka zilezile, na muamala ukishathibitishwa hakuna wa kuurudisha. Kinachobaki ni kutengeneza waleti mpya yenye maneno mapya na kuhamishia kilichosalia, kama kipo. Tovuti yoyote inayoomba maneno hayo, hata inajiita sapoti, ni ya wizi. Yanaingizwa sehemu moja tu, kwenye kifaa au app ya waleti yenyewe, siku unapoirudisha. Usiyapige screenshot wala kujitumia mwenyewe WhatsApp pia.

Kwa hiyo yanakaa nje ya mtandao, na hapo ndipo mnaniuliza mnunue nini. Watu wanaulizia moto na maji, sawa, lakini mimi naangalia kitu ambacho wauzaji hawakitaji kabisa: MPANGILIO. Maneno yote 12 unayo ila hujui lipi la kwanza lipi la tisa, hapo kuna mipangilio zaidi ya milioni 479, kwa mkono huifikii.

Namba moja kwangu ni Blockplate na sioni haya kuipigia debe. Ni kibao cha stenlesi chenye herufi A mpaka Z, unapiga alama kwa punchi na nyundo kwenye herufi nne za kwanza za kila neno, basi. Nne zinatosha kwa sababu ile orodha ya kiingereza ya maneno 2,048, ambayo waleti inachagulia maneno yako, imepangwa hivyo, hakuna mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo. Hakuna kinachochomoka, namba za maneno zipo palepale, na stenlesi inayeyuka kwenye nyuzi kama 1,400, wakati alumini ni 660 tu, kwa hiyo anayekuuzia kibao cha alumini mwachie.

Ila angalia mkono. "About" unapiga ABOU na "above" unapiga ABOV, U na V ni majirani, punchi ikiteleza kidogo umeshapata neno lingine ambalo nalo limo kwenye orodha, na wewe hujui. Kwahiyo KABLA hujaweka hela, nakili anwani ya kupokelea, futa waleti, irudishe kwa kusoma kibao chenyewe na siyo karatasi, halafu linganisha. Anwani ikitoka ileile kibao kiko sawa, waleti ikikataa maneno au ikileta anwani nyingine tafuta ulipoteleza.

Namba mbili, washa za stenlesi. Fundi yeyote wa vyuma pale Mwanga anajua zinapopatikana, unanunua 12, bolti moja na nati, unaazima seti ya punchi za herufi na namba. Kugonga unagonga MWENYEWE, fundi asione. Kila washa ipige namba yake kwanza ndipo herufi nne, maana bolti ikifunguka washa zikatawanyika sakafuni, namba ndiyo itakuokoa. Za kupakwa zinki usichukue, huku ziwani kutu haichelewi.

Tatu ni Cryptosteel Capsule. Chuma kizuri, sikatai, lakini ndani ni vikigae vidogo vya herufi vimepangwa kwenye fimbo, na mimi kitu kinachoweza kumwagika sikitaki. Jameson Lopp, mtaalamu wa usalama wa bitcoin, amekuwa akivichoma na kuvibana vifaa vya namna hii kwa miaka, na udhaifu wa vya vigae ni huohuo, kikipinda herufi zinaweza kutoka.

Karatasi ni ya siku ya kwanza tu, wino na unyevu wa Kigoma haviendani.

Na hawa wauzaji wetu wa mitandaoni wananikera kweli. Kibao unaongezewa bei mara mbili kwa kisingizio cha ushuru, risiti huonyeshwi, halafu anajitolea "kukusetia" waleti kabisa, unaletewa kifaa na kikaratasi chenye maneno 12 yameshaandikwa. Huyo maneno anayo, anasubiri uweke hela. Kifaa halali kinakutengenezea maneno kwenye skrini yake ukiwa umekishika wewe, kikija na maneno tayari mrudishie na udai hela yako.