Runinga ya inchi 43 kutoka Kariakoo: saa yake ya kwanza nyumbani

Runinga yenyewe nimeipenda na sina ugomvi nayo. Ninachotaka kueleza ni ile saa ya kwanza ya kuiwasha, maana hapo ndipo watu wengi huamua kwamba wameuziwa kitu kibovu.

Kama ilivyo kawaida ya maduka yetu, muuzaji alifungua boksi na kuiwasha mbele yangu ili nione kioo hakina mstari wala doa. Utaratibu huo ni mzuri, usikubali kuondoka bila kufanyiwa. Tatizo ni kwamba kijana mwenye wateja watano wanaomsubiri hubonyeza OK mfululizo, na mojawapo ya maswali yanayopita hapo ni runinga itatumika wapi: Home au Retail (nyingine huandika Store). Yangu ilipitishwa Retail.

Nilipoiwasha nyumbani, utepe wa matangazo ulikuwa ukitokea pembeni mwa picha na kusifia 4K na HDR, unapotea, unarudi. Mwanga ulikuwa umepandishwa hadi mwisho. Lakini dalili iliyo wazi zaidi ni hii: unachagua picha ya Movie, unakaa, baada ya muda inarudi Dynamic yenyewe. Huo si ubovu. Duka linataka kila mteja aikute inang'aa, kwa hiyo chochote alichogusa mteja aliyetangulia hufutwa. Ndiyo maana kuhangaika na rangi kabla ya kuzima hali hii ni kazi bure. Tena mwanga wa juu muda wote unakula umeme, na LUKU haitakuonea huruma.

Kuizima ni rahisi ukijua ilipojificha. Usiitafute kwenye menyu ya picha, haimo. Kwenye Samsung nyingi za miaka ya karibuni unaingia Settings, kisha General, System Manager, Usage Mode, halafu unachagua Home Mode. Ikiomba PIN na hujawahi kuibadilisha, ni 0000. Chapa nyingine huiweka chini ya General au System, kwa hiyo tafuta maneno Home na Store. Ukishindwa kabisa, irudishe kwenye hali ya kiwandani, na safari hii maswali yale yajibu mwenyewe, taratibu.

Baada ya hapo runinga inauliza matangazo yatatoka wapi: Antenna, Cable au Satellite. Hapa kuna mtego kwa sisi wenye king'amuzi. Ukichagua Antenna itaanza kutafuta chaneli, na ikiwa umeiachia itafute na Analogue, utasubiri sana kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Hata zile za dijitali za kulipia hazitafunguka bila king'amuzi. Nikaruka utafutaji wote, nikabonyeza Source kwenye rimoti na kuchagua HDMI 2, nilipochomeka king'amuzi. Tundu lililoandikwa ARC nililiacha wazi kwa ajili ya spika ya baadaye.

Fundi wa dishi alitaka kuunganisha kwa zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, kwa vile ndizo zilizokuwa zikitumika kwenye runinga ya zamani. Nikamwomba atumie waya wa HDMI. Kwenye kioo kidogo usingeona tofauti kubwa, lakini kwenye inchi 43 picha ya nyaya tatu inakuwa na ukungu, na maandishi madogo ya matokeo ya mechi yanasomeka kwa shida.

Sasa ndipo picha. Dynamic, ambayo kwingine huitwa Vivid, inafaa dukani penye taa nyingi. Sebuleni majani ya uwanja yanakuwa kijani cha rangi ya plastiki na shati jeupe la msomaji wa habari linaelekea bluu. Niliweka Standard kwa mchana na Movie kwa usiku. Mama alipoona Movie kwa mara ya kwanza alisema, "Mbona imefifia, mwanangu?" Nikamwambia, "Itazame mpaka taarifa ya habari iishe, mama." Haikuisha kabla hajasema nyuso za watu sasa zinafanana na watu. Movie huonekana ya njano mwanzoni kwa sababu jicho limezoea bluu ya Dynamic; lipe muda. Ila kama sebule yako ina dirisha kubwa linaloelekea jua, mchana Movie itakushinda, baki na Standard.

Jambo moja lilinichelewesha kidogo: runinga hii hukumbuka picha kwa kila chanzo peke yake. Nilichopanga kwenye HDMI 2 hakikuhamia YouTube, ambako Dynamic ilikuwa bado inaningoja. Fungua kila chanzo unachokitumia, ubadilishe humo humo.